Walio Mbali Nao ni Wajumbe: Namna ya Kuendesha Mkutano wa Mseto



Katika somo la mwezi huu tunataka tuangalie jambo ambalo limeingia katika kamati zetu nyingi tangu mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Uviko-19 ulipozuia watu wa nchi nyingi kukusanyika. Jambo lenyewe ni mkutano ambao baadhi ya wajumbe wamekaa pamoja chumbani, na wengine wako mbali wakisikiliza na kusema kwa njia ya simu au kompyuta. Sisi tutauita mkutano wa mseto.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini katika mkutano wa mseto tunakutana na ajabu yake: mjumbe yupo, jina lake limeandikwa katika orodha ya mahudhurio, na bado lake halipo. Alitaka kusema mara tatu, akashindwa mara tatu, na mwisho katibu akaandika kwamba wajumbe wote walikubaliana. Yafaa tujiulize, jambo hili hutokeaje hali hakuna mtu chumbani aliyekusudia kumdharau mwenzake?

1. Mbio ambazo mtu wa mbali hushindwa daima

Sababu ya kwanza ni muda, na hesabu yake ni nyepesi. Watu wanapozungumza ana kwa ana, mmoja akimaliza kusema mwingine huanza karibu mara moja. Wataalamu waliolinganisha lugha kumi za dunia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, waliona kwamba nafasi baina ya msemaji na msemaji kwa kawaida ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Sisi hatuioni nafasi hiyo, kwa kuwa tangu utotoni tumezoea kuingia ndani yake.

Sasa tumchukue mjumbe aliye mbali. Tuseme sauti huchukua sehemu tatu za kumi za sekunde kutoka chumbani hadi kwake, na muda uleule kurudi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu umeshauri kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usiopita sehemu moja na nusu za kumi za sekunde hausumbui mazungumzo mengi, na kwamba usizidi sehemu nne. Kwa hiyo mfano wetu si wa mtandao mbovu sana.

Msemaji chumbani akinyamaza, mjumbe wa mbali anajua habari hiyo baada ya sehemu tatu. Anajibu upesi kama mtu mwingine yeyote, yaani baada ya sehemu mbili. Sauti yake inasafiri kwa sehemu tatu nyingine. Jumla ni sehemu nane za kumi, yaani mara nne ya muda wa mtu aliye chumbani. Na kama alikuwa amefunga maiki yake, kama tunavyomwomba afanye ili kuku na watoto wa nyumbani kwake wasisikike, aongeze sekunde moja au mbili za kutafuta kitufe. Anapofika, jirani wa mwenyekiti amekwisha kusema maneno manne au matano. Yule wa mbali anasikia sauti ya mtu, ananyamaza kwa adabu, na mbio zinaanza upya.

Tukielewa hesabu hii tutaacha kusema, "Yule mzee wa Mwanza siku hizi hana mchango." Hakuna wepesi wa mtu unaoweza kuziba pengo hilo. Dawa iko mikononi mwa mwenyekiti peke yake. Katika mkutano wa mseto nafasi ya kusema isigombewe; igawiwe. Kila mtu, hata aliye chumbani, anyooshe mkono kwanza na kungoja kuitwa kwa jina. Aliye mbali abonyeze kitufe kilichoandikwa Raise Hand, kama wanatumia Zoom, au aandike neno "naomba" katika sehemu ya ujumbe.

Na mwenyekiti akiuliza swali, angoje. Waalimu wenzetu watakumbuka kazi ya Mary Budd Rowe wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu akiuliza swali kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Alipowazoesha kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, na wanafunzi ambao hawakuwa na desturi ya kujibu wakaanza kujibu. Katika mkutano wa mseto sekunde tatu hazitoshi, maana tumeona kwamba karibu mbili na nusu zinaweza kuliwa na mtandao na kitufe. Mwenyekiti ahesabu moyoni moja hadi saba. Atauona muda huo mrefu mno, na walio chumbani wataanza kutazamana. Hata hivyo angoje.

2. Sikio kabla ya jicho

Sababu ya pili ni sauti. Kamati nyingi huhangaika na picha: kamera iwekwe wapi, na sura zionekane vipi. Lakini mjumbe asiyeona anaweza kushiriki mkutano mzima, ila asiyesikia hawezi kushiriki hata dakika moja.

Kosa la kawaida ni kuweka laptopu mbele ya mwenyekiti, mwanzo wa meza ndefu, na kudhani inawasikia wote. Nguvu ya sauti inayotoka kinywani hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mwenyekiti aliye nusu mita kutoka kwenye maiki, na mjumbe aliye mita nne, wametofautiana umbali mara nane. Basi nguvu ya sauti ya yule wa pili inayofika moja kwa moja ni sehemu moja ya sitini na nne. Papo hapo mwangwi wa chumba haupungui hivyo. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati hurudisha sauti kutoka kila upande, na maiki hupokea mwangwi mwingi kuliko maneno. Aliye chumbani haoni tatizo, kwa sababu ana masikio mawili na anaiona midomo ya msemaji. Aliye mbali husikia mvumo, kama wa mtu anayesema ndani ya pipa.

Basi yafanyike haya. Kwanza, chombo kinachosikiliza kiwe katikati ya watu, na watu wakikaribie. Kama mna spika ya mikutano, ile ya mviringo yenye maiki ndani yake, wekeni katikati ya meza, na viti visiwe mbali nayo zaidi ya mita moja na nusu hivi. Kama hamna, simu moja nzuri iliyowekwa katikati juu ya kitambaa kilichokunjwa hufanya kazi kuliko laptopu iliyo mwisho wa meza. Meza itandikwe kitambaa kizito na madirisha yafungwe mapazia, kwa maana nguo humeza mwangwi.

Pili, chumbani pawe na chombo kimoja tu chenye sauti. Wajumbe wawili waliokaa pamoja wakiingia mkutanoni kila mmoja kwa simu yake, sauti ya simu moja huingia katika maiki ya nyingine, ikazunguka na kupiga mlio mkali unaoumiza masikio. Anayetaka kuona nyaraka kwenye simu yake na aone, lakini maiki na spika yake vyote viwe vimefungwa. Kufunga maiki peke yake hakutoshi.

Tatu, jaribuni kabla. Nusu saa kabla ya mkutano, mtu mmoja akae kila kiti kwa zamu na kusoma sentensi mbili kwa sauti yake ya kawaida, huku mjumbe mmoja wa mbali akisikiliza na kurudia alichosikia. Asiulizwe, "Unatusikia?" Swali hilo hujibiwa "ndiyo" hata na mtu aliyesikia nusu. Aambiwe arudie maneno. Kiti ambacho maneno yake hayarudiwi sawasawa kisogezwe.

Mvua kubwa ikipiga bati, hakuna maiki ya kawaida itakayosaidia. Mwenyekiti asimamishe mkutano hadi ipungue, wala asiendelee na walio chumbani peke yao.

3. Mtu mwenye kazi ya kuwaangalia walio mbali

Mwenyekiti anasikiliza hoja, anatazama saa, anatazama mikono. Hawezi pia kutazama skrini wakati wote. Wala katibu hawezi, kwa kuwa anaandika. Kwa hiyo achaguliwe mtu wa tatu, ambaye sisi tutamwita mwangalizi. Akae karibu na mwenyekiti, skrini ikiwa mbele yake, na kazi yake iwe moja tu.

Mwangalizi ana haki ambayo mjumbe mwingine hana: anaweza kumkatiza mtu yeyote. Anasema, "Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina ameomba nafasi," au, "Mwenyekiti, mzee wa Mwanza amekatika." Akisema hivyo mara ya pili, mkutano unasimama. Pasipo haki hiyo cheo chake ni bure, maana atakaa na habari yake akingoja kimya ambacho hakitokei.

Yeye pia huhakikisha kwamba kila msemaji wa chumbani anataja jina au cheo chake kabla ya kusema. Huwaambia walio mbali yale wasiyoyaona: kwamba mwenyekiti ametikisa kichwa, kwamba wajumbe wamecheka kwa sababu kiti kimevunjika, kwamba ramani imetandazwa mezani. Kicheko ambacho mtu hajui sababu yake humfanya ajione mgeni katika kamati yake mwenyewe.

Tena mwangalizi awe na namba za simu za wote walio mbali, na simu yake iwe na salio. Mtandao wa mjumbe ukikatika, ampigie simu ya kawaida, aiweke karibu na spika, na mjumbe aendelee hivyo. Kumbukeni pia kwamba tunapoandika haya, wanaotumia Zoom bila kulipia hukatwa baada ya dakika 40. Mara nyingi walio chumbani huendelea kuzungumza huku mwenye laptopu akihangaika kuwarudisha wengine, na katika dakika hizo tano shauri huamuliwa. Bora mwenyekiti aweke mapumziko yake kwenye dakika ya 35, na kila mtu, wa chumbani na wa mbali, aingie upya pamoja.

4. Mfano: kuezeka madarasa kabla ya masika

Hebu tufuate mfano mmoja wa kubuni. Kamati ya ujenzi ya shule ina wajumbe tisa. Sita wamekutana katika ofisi ya mwalimu mkuu mwezi wa Februari. Watatu wako mbali: mweka hazina yuko Dodoma, mjumbe wa wazazi yuko Dar es Salaam, na fundi mstaafu wa ujenzi yuko Mwanza kwa mwanawe. Hoja ni moja: fedha zilizopo zinatosha kununua bati na mbao za madarasa mawili. Je, zinunuliwe wiki hii ili madarasa yaezekwe kabla ya masika?

Siku moja kabla, katibu aliwatumia wote picha za kuta. Fundi wa Mwanza alizitazama kwa makini akaona kwamba ukuta mmoja hauna lenta ya kufunga kuta kwa juu. Anajua kwamba paa likikalishwa juu ya ukuta kama huo, ukuta unaweza kupasuka, na upepo wa mvua za kwanza unaweza kuling'oa. Anajua pia kwamba zege la lenta hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28. Katika kamati nzima ni yeye peke yake anayejua jambo hili, na yeye yuko mbali.

Tuangalie kwanza mkutano ulivyoweza kwenda kwa mazoea. Mwenyekiti anafungua hoja. Mwalimu mkuu anaeleza, diwani anaunga mkono, mjumbe wa tatu anataja bei ya bati. Fundi anafungua maiki mara mbili. Mara zote mbili mtu mwingine ameanza kusema. Dakika kumi na tano zinapita. Wajumbe wamekubaliana kwa macho, na mmoja ameanza kukusanya karatasi zake. Hapo mwenyekiti anageukia laptopu: "Na ninyi wenzetu wa mbali, mna la kuongeza?" Anangoja sekunde mbili. Anasikia kimya, anasema, "Basi tumekubaliana."

Tuone makosa yaliyomo katika sentensi ile moja. Imewaita watu watatu kwa pamoja, na kila mmoja anamngoja mwenziwe. Imewauliza kama wana la "kuongeza," yaani mashauri yamekwisha na wao ni nyongeza tu. Imekuja wakati ambapo kupinga ni kuwarudisha nyuma watu sita waliokwisha kuridhika. Na kimya chake kimehesabiwa kuwa ni ndiyo.

Sasa tuupange upya. Mwenyekiti anasoma hoja kama ilivyoandikwa, kisha anasema, "Tutaanza na walio mbali, mmoja mmoja, kila mtu dakika mbili, kabla ya sisi wa hapa kusema lolote. Mzee wetu wa Mwanza, wewe ulizitazama picha. Unaonaje kuhusu kuta?" Anahesabu hadi saba. Kwenye tano sauti ya fundi inasikika. Anaeleza habari ya lenta. Mwangalizi anaona kwamba maneno yake mawili yamekatika, anasema, "Mzee, tafadhali rudia, ni ukuta upi?" Fundi anajibu kwamba ni ule wa mashariki, wa darasa la pili. Mwenyekiti anarudia kwa maneno yake mwenyewe ili fundi asikie kama ameeleweka. Kisha anamwita mweka hazina, kisha mjumbe wa wazazi, na baadaye wale sita.

Angalieni jinsi mazungumzo ya wale sita yanavyobadilika. Hawaulizani tena bei ya bati. Wanaulizana kama darasa la kwanza, ambalo lenta yake imekamilika, linaweza kuezekwa sasa, na fedha zinazobaki zikafunge ukuta wa darasa la pili. Fundi anaulizwa swali hilo kwa jina lake, naye anajibu. Jumla ya dakika ni 28, yaani kumi na tatu zaidi ya mkutano ule wa mazoea. Hiyo ndiyo gharama yake, na mwenyekiti aiweke katika ratiba mapema: hoja tano katika mkutano wa kawaida, tatu katika mkutano wa mseto.

5. Kura, muhtasari na chai

Wakati wa kuamua, mwenyekiti asiseme, "Wanaokubali wanyooshe mikono." Aite majina yote tisa, akianza na walio mbali, na kila mtu aseme neno moja: nakubali, nakataa, au sina upande. Wakianza walio chumbani, wa mbali watasikia kura sita na kuona kwamba zao hazina kazi tena. Asiyejibu asihesabiwe kuwa amekubali. Mwangalizi ampigie simu. Kura ya siri ni ngumu zaidi. Aliye mbali anaweza kulazimika kumpelekea kura yake mtu mmoja anayeaminiwa, na mtu huyo ataijua. Kama siri ni ya lazima, kama vile katika kumchagua kiongozi, kamati ikubaliane kwanza kama wote wanaridhika na njia hiyo, au uchaguzi ungoje.

Katika muhtasari, katibu aandike nani alikuwa chumbani, nani alikuwa mbali, na nani alikatika kwenye hoja ipi. Hii itasaidia kujua kama akidi ilikuwapo wakati wa kuamua, wala si wakati wa kufungua tu.

Limebaki jambo la chai. Mkutano ukifungwa, laptopu hufungwa, na walio chumbani hubaki na vikombe vyao. Hapo ndipo mtu husema, "Lakini kweli, kwa nini tusinunue bati zote kabisa?" na wenzake wakakubali. Kamati iwe na kanuni moja: lililoamuliwa mkutanoni halibadilishwi kwenye chai. Wazo jipya likizuka, liandikwe na lipelekwe kwa wote tisa siku hiyohiyo.

Tuongeze na mpaka wa somo hili. Kama walio mbali ni wengi kuliko walio chumbani, au kama shauri ni la ugomvi baina ya wajumbe, mseto haufai. Ni afadhali wote wakutane ana kwa ana, au wote, hata waliomo katika nyumba moja, waingie kila mtu na chombo chake katika chumba chake. Ndipo wote wataonja ucheleweshaji uleule.

Maswali ya kujadiliana

1. Chukueni muhtasari wa mkutano wenu wa mseto uliopita. Hesabuni ni mara ngapi jina la aliye mbali limetajwa kuwa ametoa hoja, wala si kuhudhuria tu. Linganisheni na walio chumbani.

2. Katika kamati yenu, nani anafaa kuwa mwangalizi? Je, ana moyo wa kumkatiza mwenyekiti?

3. Mwombeni mjumbe mmoja wa mbali awaeleze, mwenyekiti akiwa hasemi neno, ni mahali gani katika mkutano uliopita alitaka kusema akashindwa. Shauri lile liliamuliwaje?